Ergoti katika nafaka: namna ya kuitambua, kuipima na kuiondoa kabla punje hazijafika kinuni

Nafaka iliyoingiwa na ergoti, ugonjwa wa kuvu, huonekana kwa macho matupu maadamu punje bado ni nzima. Katikati ya ngano, shayiri, rai au uwele utaona vipande vigumu vyeusi ambavyo si punje wala si mchanga, na hivyo ndivyo vinavyobeba sumu. Nafaka ikishasagwa, vipande hivyo huvunjikavunjika na kuchanganyika na unga, na hapo hakuna jicho, ungo wala chekecheke litakaloweza kuvitenganisha tena. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa katika mwongozo huu hufanyika baada ya kupura na kabla ya kusaga.

Kuna jambo jingine linalofanya kazi hii istahili jasho lake. Wengi wetu tumezoea kuhofia aflatoksini, ambayo kuvu yake huendelea kukua ghalani na kuingia ndani ya punje yenyewe, kiasi kwamba gunia lililokuwa salama mwezi uliopita laweza kuwa na sumu leo. Ergoti haiko hivyo. Ni ugonjwa wa shambani, tena wa ua, na nafaka ikishakauka na kuingia ghalani haiongezeki. Kiasi ulichovuna ndicho kiasi ulicho nacho, na kila kipande unachokitoa kwa mkono ni sumu iliyopungua kwa hakika.

Jinsi pembe nyeusi inavyoumbika ndani ya suke

Kabla ya kuitafuta ergoti kwenye gunia, yafaa kujua ilikotoka, kwa sababu umbo lake, rangi yake na hata mahali inapojikusanya shambani vinatokana na namna inavyozaliwa. Kuvu inayoshambulia rai, ngano na shayiri inaitwa Claviceps purpurea. Uwele una kuvu yake, Claviceps fusiformis, na mtama una yake, Claviceps africana. Zote tatu ni ndugu, na zote huingia kwa mlango mmoja, yaani ua lililofunguka.

Spora ya kuvu hupeperushwa na upepo na kutua juu ya stigma, mahali palepale ambapo chavua ilipaswa kutua. Inaota na kushuka hadi kwenye ovari, kwa njia ileile ambayo chavua huipitia, kisha inaila ovari na kukalia nafasi yake. Hii ndiyo sababu pembe moja huwa imechukua nafasi ya punje moja. Ua likishatungishwa mbegu, ovari hujikaza na baada ya siku chache mlango huo hufungwa. Kwa hiyo chochote kinachochelewesha utungishaji huongeza ugonjwa, iwe ni baridi na mvua wakati wa kuchanua au udongo uliopungukiwa na shaba au boroni, hali inayofanya chavua iwe dhaifu na maua yabaki wazi muda mrefu. Rai huathirika kuliko ngano kwa kuwa hutegemea chavua ya mmea mwingine na hivyo maua yake hufunguka wazi, ilhali ngano kwa kawaida hujichavusha kabla ua halijafunguka sana.

Baada ya takribani wiki moja, ua lililoambukizwa huanza kutoa utomvu mtamu unaonata, wenye rangi ya manjano iliyofifia. Ukipitisha kidole kwenye suke unahisi ule unato, na mara nyingi utakuta nzi na sisimizi wameshafika kabla yako. Utomvu huo umejaa spora za aina nyingine, na kila mdudu anayeulamba na kila tone la mvua linaloupiga huzipeleka kwenye maua ya jirani. Kipindi hiki hupita bila watu kukijua, kwa sababu utomvu hukauka na suke linaendelea kukomaa kama kawaida.

Kisha ile tishu laini iliyokuwa ikitoa utomvu hujikusanya, ikakaza na kukauka hadi ikawa sklerotia: kidonge kigumu cha nyuzi za kuvu zilizosukwa pamoja, chenye ganda la zambarau iliyokoza karibu na nyeusi. Hukomaa kwa muda wa wiki nne hadi tano, sambamba na punje zilizobaki salama. Kwenye rai huchomoza nje ya kapi kama pembe iliyopinda kidogo, mara nyingine ikifikia urefu wa sentimita tatu au nne. Kwenye ngano na shayiri huwa fupi zaidi, na nyingi hulingana na punje yenyewe, jambo linalozifanya ziwe ngumu kuzitambua. Kwenye uwele huwa ndogo zaidi. Katika mwongozo huu nitaziita pembe, kwa ufupi.

Hatua ya kwanza: hakikisha unachokiona ni ergoti

Mwaga konzi mbili za nafaka juu ya karatasi nyeupe au sinia jeupe mahali penye mwanga wa mchana, uzitandaze ziwe safu moja. Chukua kila kipande cheusi na ukikate katikati kwa wembe. Pembe ya ergoti hukatika kwa mlio mdogo mkavu, kama unavyokatika ukucha, na ndani yake huonekana nyeupe au kijivu chenye wekundu hafifu kuelekea ganda. Ganda lenyewe lina mifereji ya urefu, na haling'ai. Ule weupe wa ndani uliozungukwa na ganda la zambarau ndio alama ninayoiamini kuliko zote.

Kuna vitu viwili vinavyowadanganya watu mara kwa mara. Cha kwanza ni kinyesi cha panya, ambacho kina umbo na ukubwa unaokaribiana kabisa na pembe ya ngano. Lakini kikikatwa ndani ni cheusi au kahawia sawasawa na nje, husagika kama udongo, na ukitazama kwa makini utaona unywele mmoja mmoja ndani yake. Cha pili ni punje yenye fugwe, ambayo ukiibonyeza hupasuka na kutoa vumbi jeusi laini, pengine lenye harufu ya samaki. Pembe ya ergoti haitoi vumbi jeusi hata ukiibonyeza kwa nguvu zako zote.

Mbegu za magugu nazo huwa nyeusi, lakini zina ganda laini linalong'aa au umbo la duara, na wembe hupita ndani yake kwa namna tofauti. Ukisita, weka kipande hicho upande wa ergoti. Punje moja ikitupwa bure hakuna aliyeumia.

Hatua ya pili: chukua sampuli inayosema kweli

Makosa makubwa hufanyika hapa. Mtu hufungua gunia, hutazama juu, haoni kitu, na kufunga. Lakini ergoti haisambai sawasawa hata kidogo. Shambani huwa nyingi pembezoni, karibu na majani-pori yaliyochanua kabla ya nafaka, na kwenye mapito ambapo mashine au miguu ilichelewesha mimea kuchanua. Hivyo gunia lililojazwa kwa mavuno ya ukingoni laweza kuwa na pembe mara kumi ya gunia la katikati ya shamba. Zaidi ya hayo, pembe ni nyepesi kuliko punje, na mtikisiko wa safari huzitenga na punje ndani ya gunia lenyewe.

Tuchukue mfano wa magunia kumi ya ngano, kila moja la kilo 50, na tuufuate hadi mwisho. Kwa bambo, au kwa mkono uliozamishwa ndani ikiwa bambo hakuna, toa nafaka juu, katikati na chini ya kila gunia, jumla iwe kama gramu 400 kwa gunia moja. Kutoka magunia kumi utapata kilo nne. Zimwage juu ya turubai safi, uzichanganye vizuri, uzirundike kama kichuguu, kisha ukikate kichuguu hicho katika robo nne. Ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, na urudie mara moja zaidi. Sasa una kilo moja ambayo ndani yake kila gunia lina sauti.

Usipunguze sampuli chini ya kilo moja kwa ajili ya kuharakisha. Kilo moja ya ngano ina punje zipatazo 25,000, na kiasi cha ergoti tunachokitafuta ni vipande vichache tu kati ya hizo. Ukichukua kikombe kimoja, kukosa kuona pembe hata moja hakumaanishi kwamba hazipo.

Hatua ya tatu: tenga, pima uzito, fanya hesabu

Pitia kilo yote, konzi kwa konzi, ukitoa pembe nzima na vipande vilivyovunjika. Vipande vina sumu ileile na ni rahisi kuvikosa, kwa hiyo pepeta vumbi lililobaki chini ya sinia na ulitazame peke yake. Kisha pima uzito wa ulichokitoa. Mizani ya jikoni haifai kwa kazi hii, kwa sababu wengi wetu tuna ile inayoanza kuhesabu kwenye gramu moja au mbili. Inahitajika mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma hadi gramu 0.01.

Katika mfano wetu, kilo moja ya ngano imetoa pembe 26 nzima na vipande kadhaa, vyote vikiwa na uzito wa gramu 0.9. Kiwango cha Kodeksi, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa ngano ni asilimia 0.05 ya uzito, sawa na gramu 0.5 kwa kilo. Umoja wa Ulaya umeweka gramu 0.2 kwa kilo kwa nafaka nyingi zisizosindikwa tangu mwaka 2022. Ngano yetu imevuka viwango vyote viwili. Angalia jinsi kiasi kilivyo kidogo kwa macho: gramu 0.9 hazijazi hata kijiko cha chai, na mtu aliyezoea kuona mawe na makapi ndani ya nafaka angeweza kuziona pembe hizo na kuendelea na safari yake ya kinuni.

Sasa tuone kiasi hicho kinamaanisha nini tumboni. Sumu ya ergoti ni kundi la alkaloidi, baadhi yake zikiwa ergotamini, ergometrini, ergokristini na ergosini. Kiasi cha alkaloidi ndani ya pembe hubadilika sana kutoka pembe moja hadi nyingine, hata katika shamba moja, lakini kwa makadirio ya kazi tunaweza kuchukua asilimia 0.08 ya uzito wa pembe, wastani unaotumika sana kwa ergoti ya Ulaya. Gramu 0.9 za pembe zitakuwa na maikrogramu 720 za alkaloidi, na zote zitaingia katika kilo moja ya unga. Mtoto mwenye uzito wa kilo 15 akila chakula kilichopikwa kwa gramu 200 za unga huo atakuwa amemeza maikrogramu 144, yaani kama maikrogramu 9.6 kwa kila kilo ya mwili wake.

Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula iliweka mwaka 2012 kipimo cha maikrogramu 1 kwa kilo ya mwili kuwa kiasi cha juu cha kumeza kwa siku moja, na maikrogramu 0.6 kwa anayekula kila siku. Mtoto wetu amevuka cha kwanza zaidi ya mara tisa. Tena, rudia hesabu hiyo kwa nafaka yenye gramu 0.5 tu kwa kilo, ambayo bado inakubalika kwa kiwango cha Kodeksi, na utapata maikrogramu 5.3 kwa kilo ya mwili wa mtoto huyo. Kwa hiyo mimi sichukulii kiwango cha biashara kuwa mahali pa kusimama kwa nafaka ya kulisha nyumba yenye watoto. Kwangu, nafaka hiyo husafishwa hadi pembe zisionekane tena.

Madhara yanayotokea mwilini

Alkaloidi za ergoti zina umbo linalofanana na kemikali ambazo mwili wenyewe hutumia kuamuru mishipa ya damu, misuli ya mji wa mimba na ubongo, kwa hiyo hujibandika mahali pa kemikali hizo na kutoa amri zisizotakiwa. Mishipa midogo ya damu hujibana. Mtu huanza kuhisi ganzi na kuwashwa kwa vidole kana kwamba sisimizi wanamtembea chini ya ngozi, kisha maumivu makali kama moto huku mguu wenyewe ukiwa wa baridi ukiguswa. Ikiendelea, damu haifiki tena, vidole hukauka na kuwa vyeusi, na huweza kukatika. Katika miaka ya 1977 na 1978 huko Wollo, Ethiopia, watu walipatwa na hali hiyo ya kuoza miguu na mikono baada ya kula nafaka iliyochanganyika na oti-mwitu yenye ergoti.

Kuna sura ya pili, inayoshika neva: misuli kukakamaa, degedege, na kuona au kusikia visivyokuwepo. Na ergoti ya uwele ina alkaloidi za aina nyingine ambazo huleta kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na usingizi mzito ndani ya saa chache, kama ilivyotokea Rajasthan, India, mwaka 1975. Ugonjwa huo kwa kawaida hupita, lakini mara nyingi hudhaniwa kuwa chakula kilichochacha, na familia ikaendelea kula gunia lilelile.

Mjamzito yuko katika hatari ya pekee. Wakunga wanaifahamu ergometrini, dawa inayobana mji wa mimba ili kuzuia damu baada ya kujifungua. Dawa hiyo asili yake ni pembe hizihizi. Ndani ya ugali au mkate, ikimezwa bila kipimo na kabla ya wakati, mbano huohuo waweza kuharibu mimba. Anayenyonyesha naye huweza kupungukiwa maziwa, kwa kuwa alkaloidi hizi huzuia homoni inayoyaleta.

Kupika hakutoi kinga ya kutegemewa. Joto hupunguza sehemu ya alkaloidi na kubadilisha nyingine kuwa umbo lililo dhaifu zaidi, lakini sehemu kubwa huweza kubaki, na umbo lile dhaifu laweza kurejea la kwanza.

Hatua ya nne: safisha

Anza na chekecheke na ungo. Chekecheke lenye matundu yanayopitisha punje ya kawaida litazuia pembe ndefu, na lenye matundu madogo litaangusha vipande vilivyovunjika. Kupepeta kutapunguza nyepesi. Lakini pembe zenye ukubwa wa punje zitabaki, na kwenye ngano hizo ndizo nyingi. Kwa shehena kubwa kuna mashine zinazopembua kwa rangi na meza zinazotenga kwa uzani, na kama kuna kiwanda chenye mashine hizo kinachopokea nafaka yako, hiyo ndiyo njia bora. Kwa nafaka ya nyumbani njia inayofanya kazi ni maji ya chumvi.

Njia hii hutegemea tofauti ya uzani: punje nzima ya ngano ni nzito kuliko maji ya chumvi nyingi na huzama, ilhali pembe ni nyepesi na huelea. Maji matupu hayatoshi, kwa kuwa pembe nyingi huzama humo. Yeyusha kilo 2 za chumvi katika lita 8 za maji, ukoroge mpaka chumvi yote iyeyuke. Lita moja ya mchanganyiko huo inapaswa kuwa na uzito wa takribani kilo 1.15. Kabla hujaweka nafaka, ujaribu kwa zile pembe ulizozitoa kwenye sampuli: ziweke humo pamoja na konzi ya punje safi. Pembe zote zikielea na punje zikizama, mchanganyiko uko sawa. Pembe ikizama, ongeza chumvi kidogo kidogo. Jaribio hili usiliruke, kwa sababu pembe za msimu mmoja hazilingani na za msimu mwingine, na kipimo cha chumvi peke yake hakijui hilo.

Mimina kilo mbili au tatu za nafaka kavu kwa mkupuo mmoja, ukoroge kwa mwiko mrefu ili pembe zilizonaswa chini ya punje zipande, na papo hapo uengue utando wote unaoelea kwa chujio. Humo mtakuwa na pembe, makapi, na punje zilizosinyaa. Usijaribu kuziokoa hizo punje. Kazi yote isizidi dakika tatu hadi tano, kwani pembe zikikaa ndani ya maji hulowa, zikawa nzito na kuzama, na alkaloidi zake huanza kutoka na kuingia ndani ya maji yanayogusa nafaka yako. Nimeona kazi nzuri ya asubuhi nzima ikiharibika kwa sababu ndoo iliachwa wakati watu wanakwenda kunywa chai; waliporudi, juu hapakuwa na kitu, na wakadhani nafaka ilikuwa safi tangu mwanzo.

Toa nafaka iliyozama, uisuuze kwa maji safi mara mbili au tatu hadi ladha ya chumvi iishe. Kusuuza huku kuna faida ya pili: pembe huvunjika wakati wa kupura na kusafirisha, na vumbi lake hushikamana na ganda la punje safi, sehemu ya vumbi hilo huondoka na maji. Kisha anika siku hiyohiyo, tabaka jembamba, ukigeuza mara kwa mara, mpaka punje ikiumwa ivunjike kwa mlio badala ya kubonyea. Nafaka iliyooshwa ikibaki na unyevu itakuletea ukungu wa ghalani na ile aflatoksini tuliyoitaja mwanzoni, na utakuwa umetoa sumu moja na kukaribisha nyingine. Ikiwa mawingu yametanda na huna namna ya kukausha, ahirisha kuosha.

Maji ya chumvi yabadilishwe yanapoanza kuwa na rangi, au jaribio la pembe linapoonyesha kwamba yamepungua nguvu.

Hatua ya tano: pima upya, na ukubali jibu

Chukua tena sampuli ya kilo moja kutoka nafaka iliyokauka, kwa utaratibu uleule wa robo. Katika mfano wetu, baada ya maji ya chumvi zimebaki gramu 0.1. Kwa kiwango chochote cha biashara nafaka hii sasa imefaulu, lakini fanya hesabu ya mtoto wetu: maikrogramu 80 kwa kilo ya unga, maikrogramu 16 katika sahani yake, kama maikrogramu 1.07 kwa kilo ya mwili. Bado. Hivyo nafaka ya nyumbani inatandazwa juu ya sinia na kupembuliwa kwa mkono, na sampuli ya tatu inatoa kipande kimoja chenye uzito wa gramu 0.02. Sasa hesabu inashuka hadi maikrogramu 0.21, chini ya kile kipimo cha anayekula kila siku. Hapo ndipo gunia linapokwenda kinuni.

Pembe zikiwa nyingi mno, kwa mfano gramu tano au zaidi kwa kilo kabla ya kusafisha, ushauri wangu ni kutoitumia nafaka hiyo kwa chakula hata kidogo. Vumbi na vipande vidogo huwa vimeshaenea kiasi ambacho ndoo ya chumvi haiwezi kukiondoa. Vilevile usichanganye nafaka yenye ergoti na iliyo safi ili kushusha kipimo, kwani unachofanya ni kuharibu magunia mawili badala ya moja.

Hatua ya sita: ulichokitoa kisirudi

Makapi yenye pembe wasipewe kuku, nguruwe wala ng'ombe. Ng'ombe hukatika ncha za masikio, mkia na kwato kwa ukosefu wa damu, na nguruwe aliyezaa hukosa maziwa hadi watoto wake wafe. Vichome, au uvifukie mbali na shamba. Maji ya chumvi yamwagwe shimoni, mahali ambapo mifugo haiwezi kulamba chumvi yake.

Pembe zilizoanguka shambani wakati wa kuvuna husubiri msimu ujao, kisha huchipua vijiti vidogo vyenye vichwa vya mviringo vinavyorusha spora hewani. Zikifukiwa kwa kina kinachozidi sentimita tano, vichwa hivyo haviwezi kufika juu, na pembe nyingi hazivuki mwaka mmoja zikiwa hai udongoni. Kwa hiyo lima kwa kina mara moja, panda mikunde au mazao mengine yasiyo jamii ya nyasi kwa msimu mmoja, na ukate majani-pori ya ukingoni kabla hayajachanua. Msimu unaofuata usizifukue tena pembe hizo kwa kulima kina kilekile. Mbegu nayo ipitishwe kwenye maji ya chumvi, isuuzwe na kukaushwa kama nafaka ya chakula.

Ikiwa unga umeshaliwa na mtu anahisi ganzi, kuwashwa kwa vidole, baridi ya miguu au degedege, acheni kuula unga huo nyumba nzima na mumpeleke hospitalini bila kungoja dalili ya pili, mkiwa mmebeba unga na, ikiwezekana, nafaka iliyotoa unga huo. Mtajieni daktari dawa zote anazotumia mgonjwa. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU, na viuavijasumu kama erithromaisini na klarithromaisini huzuia ini kuivunja ergotamini, na kiasi ambacho mwenzake angekistahimili kinaweza kumfunga yeye mishipa ya mguu.